Kadi za picha kiwandani: mwongozo kamili wa kufundisha kunyanyua mzigo na kuona hatari kabla haijamshika mtu

Ukishika barabara ya Malindi kwenda Garsen, ukapita Mambrui, unaingia ukanda wa chumvi, Gongoni mpaka Marereni, mabwawa ya maji ya bahari yanakaushwa na jua na malori yamejipanga kusubiri mzigo. Huu mwongozo nawaandikia watu wa viwanda hivyo, hasa suparavaiza na wanakamati wa usalama wanaoambiwa tu "wewe utafundisha wenzako" bila kupewa kitu mkononi, lakini hata aliye kiwanda cha barafu Lamu akisoma atapata lake.

Mafunzo mengi niliyoyaona yanaenda hivi: mtu anasimama na karatasi, anasoma "nyanyua kwa miguu si kwa mgongo", watu wanaitikia, wanatia sahihi, shifti inaanza, na ukirudi pale kwenye mkanda baada ya muda mfupi unakuta kila mtu ameinama vile vile. Si ukaidi ati. Mtu anaweza kuyajua maneno yote na bado jicho lake lisione hatari ikiwa mbele yake, manake ameizoea, anapita hapo kila siku. Alafu wengi ni vibarua, wengine hawakukaa shule sana, wengine Kigiriama ndo lugha wanayoiwazia, sasa karatasi ya maswali ukiwapa unapima kusoma kwao, hupimi usalama. Picha inakuonyesha jicho la mtu linaenda wapi. Hiyo ndo faida yake kubwa.

Anza na kipande kimoja cha kiwanda

Usijaribu kufundisha kiwanda kizima kwa siku moja. Chagua kipande ambacho watu wanabeba sana, mimi nachukua kile cha kuanzia mashine ya kupakia, mzigo unashuka kwenye mkanda, unapangwa kwenye paleti, unaenda stoo, mwisho unapanda lori. Hapo una mgongo, una rola zinazozunguka, una sakafu yenye maji ya chumvi, una waya, una magunia yaliyopangwa juu. Hayo yanatosha mafunzo ya nusu siku na yakaeleweka.

Tembea hicho kipande mwanzo mpaka mwisho ukiwa na simu, na uende na mtu mmoja anayefanya kazi hapo kweli, si bosi. Nenda mara mbili kwa saa tofauti, asubuhi na mwisho wa shifti, kwa sababu asubuhi sakafu imefagiliwa na watu wana nguvu, jioni ndo utaona ubao umelowa, magunia yameegemea, na mtu aliyechoka anavuta mzigo kwa mkono mmoja.

Kupiga picha zenyewe

Picha za kunyanyua mzigo zipigwe kwa ubavu, simu ikiwa usawa wa kiuno cha anayebeba, na aonekane mzima kuanzia kichwa mpaka nyayo. Ukipiga kwa mbele mgongo hauonekani umepinda au haujapinda, na ukikata miguu umetupa nusu ya somo, kwa sababu miguu ndo inakuambia kama mtu anageuka kwa hatua au anajinyonga kiuno.

Picha za hatari ni kinyume chake, ziwe za upana. Simama pale anaposimama mfanyakazi, piga anachokiona yeye. Kosa ninalolikuta sana ni mtu kuona waya umechubuka akausogelea akapiga waya peke yake ukajaa picha nzima. Hapo umeshamjibia, kila mtu atasema waya. Kazini waya haujazi jicho, uko pembeni chini ya paleti, nusu umefunikwa na gunia tupu, na kazi ya mtu ni kuuona ukiwa hivyo hivyo.

Hapa sibembelezi mtu: usimwambie mtu aweke mkono karibu na rola ili upate picha nzuri. Kama unataka picha ya mashine iliyovuliwa kinga, mashine izimwe kwenye swichi kubwa, ifungwe kwa kufuli, ufunguo akae nao fundi mfukoni, ndo upige. Na mwenye kuonekana kwenye picha aombwe ruhusa aambiwe picha itatumika wapi, Kenya tuna sheria ya kulinda taarifa za watu ya mwaka 2019 na sura ya mtu ni yake. Ukiweza piga kwa nyuma au ubavu, tena hapo hata wenzake hawatacheka "ah huyu ni fulani" wakasahau somo.

Picha za kwenye mtandao za mzungu na katoni yake kwenye stoo inayong'aa, ziache. Watu wakiona hivyo wanasema kimoyomoyo hii hainihusu.

Kadi ngapi na ziwe za nini

Kumi na mbili zinatosha. Tano za kunyanyua mzigo, tano za hatari za sehemu ya kazi, na mbili ambazo hazina tatizo lolote, kila kitu kiko sawa. Hizo mbili safi usizidharau. Bila hizo watu wanajua kila kadi ina makosa, wanaanza kubahatisha, wanataja chochote. Ukiweka kadi safi na mtu akakaa nayo akasema "hapa mimi sioni shida", huyo anaangalia kweli.

Chapisha kwa ukubwa wa A4, picha moja kwa kadi, alafu uzifunike kwa plastiki dukani pale wanapotoa kopi, kwa sababu hewa ya chumvi na jasho vinaikunja karatasi mara moja. Usichore mshale wala duara wala alama ya mkasi kwenye kadi za kupimia. Mshale unatoa jibu, na alama ya mkasi wapo wanaoielewa kama "hapa ndipo", si kama "hapana". Andika namba nyuma ya kadi basi.

Kwa kiwanda cha chumvi, hizi tano za hatari ndo ningezichagua, na nieleze kwa nini.

Ya kwanza, mkanda na rola bila kinga, na karibu yake mtu mwenye nguo inayoning'inia. Kwetu Pwani hii ni kubwa kuliko kwengine kwa sababu kina mama wanafanya kazi na leso kiunoni na mtandio begani, na wanaume wengine wana kikoi au kitambaa shingoni cha kufutia jasho. Pale rola inapokutana na mkanda pana mdomo mdogo unaovuta ndani, na unavuta haraka kuliko mtu anavyoweza kurudi nyuma. Ya pili, waya wa umeme umelala kwenye maji ya chumvi. Maji ya chumvi yanapitisha umeme vizuri mno kuliko maji ya kawaida, na chumvi hiyo hiyo inakula viungio vya waya na masanduku ya swichi, kwa hivyo kiungio kilichofungwa kwa tepu leo si cha kuamini kesho. Ya tatu, ngazi au jukwaa la chuma lililooza kwa kutu, hasa pale chini kwenye maungio, ambapo rangi inabaki nzuri juu na ndani kumeliwa. Ya nne, rundo la magunia limeinama, la chini limeshika unyevu likapoteza umbo, ya juu yanategemea ukuta. Ya tano, kilima cha chumvi kilichochimbwa chini kwa trekta au kwa koleo mpaka kikabaki kama ukuta. Chumvi ikishika unyevu ikakauka inagandamana, inasimama wima inadanganya, alafu inakatika ghafla na kumfunika aliye chini. Hii ya tano watu wengi hawaioni kama hatari kabisa, na ni ya kuua.

Kipimo cha kwanza, kabla hujafundisha neno

Mite mfanyakazi mmoja mmoja pembeni. Ukiwapima kikundi, wa kwanza anasema, waliobaki wanarudia, na wewe unaandika wote wanajua. Mpe kadi, nyamaza kidogo aiangalie, alafu muulize mambo matatu kwa lugha anayoijua vizuri, ikiwa Kigiriama basi Kigiriama:

Unaona nini hapa cha kukutia wasiwasi? Nionyeshe kwa kidole.
Kinaweza kumfanya nini mtu, na vipi?
Ungekuwa wewe umefika hapo sasa hivi, ungefanya nini kwanza?

Kila jibu zuri ni alama 1, kwa hivyo kadi moja ni 3. Kwenye kadi safi, akisema hakuna tatizo na akakueleza kwa nini, mpe zote 3. Usimsahihishe hapo hapo, andika tu, na andika pia alichokitaja kwanza hata kama si sawa, kwa sababu hicho ndo kinakuambia utafundisha nini.

Mama mmoja wa kupakia nilimpa kadi ya mkanda. Kwenye picha kuna mama mwenzake amesimama pembeni ya mkanda, amejifunga leso, ncha ya leso imefunguka inaning'inia, na kati yake na rola pana nafasi ya kiganja tu. Vijana karibu wote niliowaonyesha walisema "hana glavu". Yeye akaivuta kadi karibu, akaweka kidole kwenye ile ncha, akasema, "Mwanangu, hii leso yake itaingia hapa, na yeye ataifuata." Nikamuuliza angefanya nini. "Ningemwita kwa jina arudi nyuma, si kumshika, nikimshika atashtuka aegemee mkanda. Alafu naenda kwenye kile kitufe chekundu." Hiyo ni 3 kwa 3, na mama huyo hajui kusoma.

Lile jibu la glavu nalo liangalie vizuri. Ukikuta zaidi ya nusu ya majibu yako ni "hana glavu, hana helmeti, hana buti", jua watu wamefundishwa mavazi, hawajafundishwa hatari. Na karibu na rola glavu zenyewe ni hatari, zinashikwa zikavuta mkono, kwa hivyo aliyejibu glavu kwenye kadi ile hajakosa tu, amejibu kitu kinachoweza kumuumiza.

Sasa fundisha mzigo, na uwape hesabu

Anza na galoni ya lita 5 iliyojaa maji, hiyo ni kama kilo 5. Mpe mtu aikumbatie kifuani, hana shida. Mwambie anyooshe mikono mbele nayo ikiwa hewani, utamuona anaanza kutetemeka na kiuno kinavutwa. Mzigo ni ule ule, kilichobadilika ni umbali wake na uti wa mgongo. Watu wakishaihisi hiyo mwilini mwao huna haja ya kuwachorea mifupa.

Alafu ndo uingie kwenye kilo. Sheria yetu ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamkataza mwajiri kumbebesha mtu mzigo ambao kwa uzito wake unaweza kumuumiza. Kwa kukadiria kazini mimi natumia mwongozo wa mamlaka ya usalama kazini ya Uingereza, manake umegawanywa kwa urefu wa mwili na unachoreka vizuri. Si sheria ya hapa na si ahadi kwamba chini ya hapo mtu haumii, ni kipimo cha kukuambia hapa simama uangalie tena. Mchore mtu wa ubavu kwenye ubao na uandike hivi, mzigo ukiwa karibu na mwili:

| Mikono iko wapi | Mwanaume | Mwanamke |
|---|---|---|
| Begani mpaka kichwani | kilo 10 | kilo 7 |
| Kiwiko mpaka begani | kilo 20 | kilo 13 |
| Kiunoni, toka vidole vikining'inia mpaka kiwiko | kilo 25 | kilo 16 |
| Toka katikati ya muundi mpaka hapo vidole vinapofika | kilo 20 | kilo 13 |
| Chini kabisa sakafuni | kilo 10 | kilo 7 |

Mzigo ukiwa mbali na mwili, mikono imenyooka, hizo zinashuka karibu nusu. Ukirudia kunyanyua mara 1 au 2 kwa dakika, punguza asilimia 30. Mara 5 mpaka 8 kwa dakika, punguza nusu. Ukizidi mara 12 punguza asilimia 80. Na ukigeuza kiuno mpaka ubavuni, robo ya mzunguko, toa asilimia 20 nyengine.

Sasa chukua kazi yenyewe. Bando la pakiti 20 za kilo moja, hilo ni kilo 20. Mkanda uko usawa wa goti, mabando 6 yanashuka kila dakika, paleti iko ubavuni kwa hivyo mtu anageuka kiuno kila mara. Usawa wa goti kwa mwanaume ni 20. Mara 6 kwa dakika, nusu, inabaki 10. Kugeuka, toa asilimia 20, inabaki 8. Anabeba 20 mahali pa 8. Hapo hata akikunja magoti kwa ustadi wa namna gani, mwisho wa wiki kiuno kitamdai.

Mfundishe tu "kunja magoti" na umuache na mkanda ule, humsaidii. Rekebisha kazi kwanza. Inua mkanda au mteremko wake ufike kiunoni, sasa kipimo ni 25. Sogeza paleti kidogo ili lazma apige hatua ageuke na miguu, hapo kiuno hakijinyongi tena. Kwa mara 6 kwa dakika inabaki 12.5. Bado 20 imezidi. Weka watatu wapokezane, kila mmoja mara 2 kwa dakika, inakuja 17.5, umekaribia lakini hujafika. Ndo unaona jibu zuri ni kutonyanyua kabisa: meza ya rola au hata ubao laini wa plaiwudi toka mwisho wa mkanda mpaka juu ya paleti, usawa mmoja, mtu anasukuma bando badala ya kulibeba. Chini ya paleti ya kazi weka paleti tupu mbili tatu ili tabaka la kwanza lisiwe sakafuni, na zikaguliwe zisiwe mbovu wala zisicheze. Njia nyengine ni kupakia mabando ya pakiti 20 za nusu kilo, yaani kilo 10, hiyo mwanaume kiunoni kwa mwendo ule ule inaingia. Kwa kina mama kipimo ni 16, nusu yake 8, kwa hivyo hata bando la kilo 10 mmoja peke yake asisimame pale, wapokezane watatu ndo inakaa sawa.

Na gunia la kilo 50? Watasema tunashika wawili. Mwongozo ule ule unasema watu wawili wanachukua kama theluthi mbili ya jumla yao, si jumla yote, kwa sababu hawanyanyui kwa wakati mmoja na mmoja huzuia njia ya mwenzake. 25 na 25 ni 50, theluthi mbili ni kama 33, na hiyo ni kiunoni. Kutoka sakafuni ndo kabisa. Najua hamali wetu wanabeba gunia la 50 begani tangu zamani na wengine wana fahari nayo, sitaki kuwadharau, lakini kiwanda kinachopima na kushona gunia lake chenyewe kinaweza kushona la 25, au kuliacha gunia likae juu ya meza usawa wa bega ili mtu aliegemee alipokee bila kuliokota chini, au kununua troli yenye magurudumu mawili. Hilo ni la mwenye kiwanda, lipelekwe kwake na hizi hesabu zikiwa kwenye karatasi.

Kadi za mpangilio za kunyanyua

Mizigo iliyobaki, ile ambayo ni halali kubeba, ndo ufundishe mkao. Piga picha 10 za mtu mmoja akibeba bando, zichanganye mezani, waambie wazipange. Mpangilio ni huu: anaangalia njia na pa kutua, anaujaribu uzito kwa kuinua kona moja, anasimama karibu, miguu imeachana, mmoja mbele kidogo, anakunja magoti na nyonga, mgongo umekaa mkao wake wa kawaida, si lazma uwe wima kama mlingoti, anashika kona mbili za mkabala, moja ya juu moja ya chini, anauvuta tumboni, anainuka polepole bila kustusha, anageuka kwa kuhamisha miguu, anatua, alafu ndo anausogeza mahali pake.

Wakishapanga, waulize kadi gani wao huiruka kazini. Karibu kila mara ni ile ya kwanza, kuangalia njia, na ya mwisho, manake watu wanatua na kusogeza kwa pamoja, mikono imenyooka, na hapo ndo kiuno kinapokatika. Tumia muda wako hapo.

Kwa ubao wa kupandia lori piga picha yake peke yake. Ubao uwe na vipande vya mbao vilivyopigiliwa kwa mkingamo, ncha ya juu ifungwe isiteleze, na chumvi iliyomwagika ifagiliwe kabla haijalowa. Mtu aliyebeba begani haoni miguu yake, kwa hivyo anayefagia ubao ni mwengine, apangiwe hiyo kazi kwa jina.

Kipimo cha pili na cha tatu

Mwisho wa mafunzo pima tena, lakini kwa picha nyengine za hatari zile zile. Kama kadi ya kwanza ilikuwa waya chini ya paleti, ya pili iwe waya wa taa unaopita juu ya mlango wenye unyevu. Ukirudisha picha ile ile unapima kumbukumbu tu.

Kwa alama, usitumie wastani. Mtu anaweza kupata 27 kwa 36 akawa amekosa rola, umeme na kilima, na huyo hajafaulu. Kadi hizo tatu za kuua lazma apate zote 3 kwa kila moja. Akikosa, usimfukuze wala usimwaibishe, mpeleke mahali penyewe mashine ikiwa imezimwa na imefungwa, asimame, aonyeshwe, apimwe tena siku hiyo hiyo, na mpaka hapo asipangwe kwenye kile kituo. Hizi nyengine 9 akipata 20 kwa 27 mimi naridhika.

Swali la tatu, "ungefanya nini kwanza", ndo linawaangusha wengi. Wanaona waya kwenye maji, wanajua utaua, alafu wanasema "nauondoa". Hapana kaka. Hugusi waya wala hukanyagi yale maji, unazuia watu wasipite, umeme unazimwa kwenye swichi kubwa na anayejua, fundi anaitwa. Kilima kikiwa ukuta hukichokoi na koleo ukiwa chini, unatoka, unawatoa wenzako, na suparavaiza anakipangia trekta ikishushe kutokea juu kwa mteremko. Mashine ikishika nguo ni kitufe cha kuzimia kwanza, mikono baadaye. Fanyisheni mazoezi ya hili swali kwa mdomo na kwa kutembea, kila mtu aguse kitufe cha kuzimia cha kituo chake mashine ikiwa imesimama, utashangaa wangapi hawajui kiko wapi.

Baada ya wiki 2 ndo kipimo cha tatu, hichi hakina kadi ya jibu. Mpe mtu kadi moja ya hatari mkononi, mwambie "nitafutie hali kama hii hapa kwenu leo". Anatembea na wewe. Akikuletea tatu ulizokuwa hujaziona, mafunzo yameshika. Siku hiyo hiyo simama pembeni uangalie wabebaji bila kuwaambia, mzigo uko tumboni au mbali, wanageuka kwa miguu au kwa kiuno, na uandike kituo, si jina la mtu, kwa sababu watu wengi wakikosea kwenye kituo kimoja tatizo ni urefu wa meza.

Zilizopatikana ziende wapi

Kila hatari iliyoonyeshwa ipigwe picha, iandikwe tarehe, nani ataitengeneza na lini. Kiwanda chenye wafanyakazi 20 au zaidi kinatakiwa kisheria kiwe na kamati ya usalama na afya yenye wawakilishi wa wafanyakazi, hizo picha ziwekwe mezani kwenye kikao chao. Sheria ile ya 2007 inamtaka mfanyakazi aripoti kwa msimamizi wake hatari ambayo hawezi kuitatua mwenyewe, na inamruhusu kujiondoa penye hatari kubwa iliyo mbele yake, asifukuzwe kwa hilo. Waambie hivi vibarua kwa kinywa chako, wengi wanadhani ni haki ya walioandikwa tu. Na mtu akiumia, hata kiuno tu, iandikwe siku hiyo kwenye daftari na jina la shahidi, manake fidia ya Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini, nayo ya 2007, inahitaji ionekane jeraha lilipatikana kazini, na maumivu ya mgongo yakiripotiwa baada ya mwezi ni vigumu kuyathibitisha.

Kitu kikishatengenezwa, piga picha ya pili kutoka pale pale uliposimama mara ya kwanza, bandika zote mbili karibu na bomba la maji ya kunywa ambapo kila mtu anasimama. Ile kadi ya zamani itoe kwenye kipimo, weka nyengine. Na mashine mpya ikiletwa, mkanda ukihamishwa, au mtu akiumia, usingoje mafunzo ya mwaka ujao, piga picha ya hapo wiki hiyo hiyo na uiingize kwenye kadi.